Kupanga mafuta ya kula kwenye paleti ili yafike Tunduma bila kuvuja: mwongozo kamili

Safari ya lori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Ndani yake kuna joto na unyevu wa Pwani, matuta ya kila kijiji, kona za Kitonga na baridi ya Makambako usiku. Mzigo wa mafuta ya kula ukifika huku sakafu ya tela inateleza, watu humlaumu dereva. Mara nyingi kosa lilikwisha kufanyika ghalani, kabla injini haijawashwa, siku maboksi yalipopangwa juu ya paleti.

Hapa nitafuata mzigo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: maboksi ya madumu ya lita 5, madumu manne kwa kila boksi. Boksi lina urefu wa sentimita 40, upana 30 na kimo 32, na uzito wake ni kama kilo 20. Kama bidhaa yako ni sabuni, maji au juisi, vipimo vitabadilika lakini hesabu ni ileile.

Kwanza, chagua paleti

Paleti utakayoikuta zaidi kwenye maghala yetu ni ya sentimita 120 kwa 100. Nyingine inayokuja na mizigo ya Ulaya ni ya 120 kwa 80, yenye chapa ya EPAL kwenye miguu yake. Ile hupigwa misumari 78 na hubeba hadi kilo 1,500. Kutoka Japani na sehemu nyingine za Asia huja ya mraba, 110 kwa 110.

Ukubwa wa paleti uchaguliwe kwa kufuata boksi. Boksi letu la 40 kwa 30 linajaza paleti ya 120 kwa 100 sawasawa, maboksi kumi kwa kila tabaka, bila pengo na bila kuning'inia. Kwenye ya 120 kwa 80 yanakaa manane, nayo pia yanajaa vizuri. Kwenye ya mraba ya 110 utabaki na mapengo, na mzigo wenye mapengo utahama tu. Ukiweza kuongea na anayekutengenezea maboksi, mwombe apunguze nusu sentimita kila upande, kwa sababu boksi likishajazwa madumu hutuna kidogo.

Halafu angalia umbo. Kuna paleti zilizosimama juu ya mihimili mitatu mirefu, ambazo uma za foklifti huingia kwa pande mbili tu. Kuna zilizosimama juu ya vipande tisa vya mbao, ambazo uma huingia kwa pande zote nne. Kwa kazi ya tela nachagua za vipande tisa, kwa sababu tunazigeuza ili upande wa sentimita 120 ukae kwenye upana wa tela, na foklifti lazima iweze kuishika paleti kwa upande huo. Paleti za plastiki ni nyepesi na haziozi, ila zinateleza sana. Nitalirudia jambo hilo kwenye hesabu ya tela.

Kagua kila paleti kabla haijapokea boksi hata moja. Pitisha kiganja chenye glavu juu ya mbao: msumari uliochomoza milimita tatu unatosha kutoboa dumu kwa mtikisiko wa siku mbili. Mbao iliyopasuka au kipande cha mguu kilichopinda, weka paleti hiyo kando. Tazama pia nafasi kati ya mbao za juu. Kona ya boksi ikiangukia kwenye uwazi, inakosa pa kukanyaga na boksi linabonyea, kwa hiyo mimi hutandika kadibodi nene juu ya paleti nzima kabla ya tabaka la kwanza. Mzigo ukivuka mpaka kuingia Zambia au Kongo, hakikisha mbao zina muhuri wa IPPC wenye alama ya suke. Herufi HT kwenye muhuri huo maana yake mbao zilipashwa moto hadi nyuzi joto 56 katikati yake kwa dakika 30 ili kuua wadudu.

Nguvu ya boksi iko kwenye kona

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia upakiaji, nilipanga maboksi kama fundi anavyojenga ukuta wa matofali: kila tabaka nililigeuza ili maboksi ya juu yakanyage viungo vya maboksi ya chini. Paleti ilisimama imara, ukiisukuma haitikisiki, na nilijivunia. Mzigo ulipofunguliwa Tunduma, tabaka la juu lilikuwa kama lilivyotoka kiwandani. Tabaka la chini lilikuwa limebonyea katikati, madumu yamekunjika mabega na mafuta yanatiririka hadi kwenye mlango. Mzee mmoja mpakuaji, aliyekuwa akitandaza maranda sakafuni, aliniita.

"Kijana, hebu bonyeza hapa," akaniwekea boksi tupu. Nikabonyeza katikati ya ubavu, likaingia ndani. "Sasa simama juu ya kona zake." Nikapanda, miguu kwenye kona. Halikuinama. "Basi wewe uliyaweka mazito yote pale ulipobonyeza mwanzo."

Ndivyo ilivyo. Boksi la kadibodi hubeba uzito kwa kona zake nne za wima; kuta zilizo katikati ya kona hupinda mapema. Kona ikisimama juu ya kona, uzito unashuka moja kwa moja hadi kwenye paleti kama nguzo. Ukipishanisha kama matofali, kona ya juu inakanyaga ukuta dhaifu wa chini, na boksi hupoteza karibu nusu ya uwezo wake.

Tuseme mtengenezaji amelipima boksi kwa mashine akakuambia linahimili kilo 500. Kipimo hicho ni cha boksi jipya, kavu, lililokandamizwa mara moja. Unyevu mkubwa kama wa Dar wakati wa masika unaweza kuipunguza nguvu hiyo kwa nusu, ikabaki 250. Ukipishanisha matabaka, inapungua tena kwa nusu, 125. Boksi likining'inia nje ya ukingo wa paleti kwa sentimita mbili na nusu, linapoteza karibu theluthi nyingine, na unabaki na kilo 80 na ushei. Sasa hesabu mzigo ulio juu yake: kwenye paleti ya matabaka matano, boksi la chini linabeba manne, kilo 80. Lori likiwa limesimama, uko kwenye ncha ya kisu. Lori likiruka tuta, uzito huo kwa kufumba na kufumbua unaweza kuwa mara mbili, kilo 160.

Ukipanga kona juu ya kona, bila kuning'inia, unabaki na zile 250 dhidi ya 160. Boksi ni lilelile na barabara ni ileile. Madumu yaliyo ndani nayo husaidia kubeba kidogo, lakini usiyategemee: dumu linalobeba uzito ndilo linalochoka kwenye mshono wa kifuniko.

Namna ya kupanga tabaka

Simama mbele ya paleti, upande wa sentimita 120 ukikutazama. Mstari wa karibu nawe weka maboksi manne, kila moja likikutazama kwa upande wake wa sentimita 30. Manne mara 30 ni 120, na mstari huo umekula sentimita 40 za kina. Nyuma yake weka mistari miwili ya maboksi matatu matatu, yakikutazama kwa upande wa 40. Matatu mara 40 ni 120, na mistari miwili inakula sentimita 60. Jumla ya kina ni 100. Maboksi kumi, paleti imejaa.

Tabaka la pili, la tatu na la nne yarudie hivyohivyo, mstari wa maboksi manne ukibaki upande uleule. Weka jicho kwenye kona: ukitazama kwa upande, mistari ya kona ishuke kama imepigwa timazi. Kupishana kwa sentimita moja tu kunatosha kupunguza nguvu, kwa hiyo usikubali neno "karibu sawa". Mapato ya kazi nzima yako hapa, na ndipo wapakiaji wenye haraka wanapoharibu.

Tabaka la tano pekee ndilo ninaligeuza, mstari wa maboksi manne ukaenda upande wa pili. Kona za katikati hapo zitakanyaga kuta za tabaka la nne, lakini zinabeba boksi moja tu, kilo 20, na hilo si tatizo. Faida yake ni kwamba tabaka la juu linazishika nguzo zote pamoja, zisifunguke kama vidole.

Jumla ni maboksi 50, kilo 1,000 za bidhaa. Ukiongeza paleti yenyewe unapata kama kilo 1,025, na kimo chake ni mita 1 na sentimita 75. Usiongeze tabaka la sita hata kama dari linaruhusu. Rudi kwenye hesabu ya kilo 160 uone linakupeleka wapi.

Magunia yana kanuni nyingine kabisa. Gunia la mchele au saruji halina kona za kulinda, na halibonyei likakanyagwa popote, kwa hiyo hilo lipishanishe kila tabaka. Kosa hutokea pale timu iliyozoea magunia inapopewa maboksi bila kuelezwa tofauti.

Kufunga nguzo ziwe kitu kimoja

Udhaifu wa kupanga kona juu ya kona ni kwamba nguzo hazishikani. Tuta likirusha mzigo, boksi linaelea kwa sehemu ndogo ya sekunde, msuguano unapotea, na likitua limehama nywele moja. Baada ya matuta mia kadhaa, nywele hizo zimekuwa sentimita tano. Kazi ya kushikanisha inafanywa na karatasi na nailoni.

Kati ya tabaka la pili na la tatu, na kati ya la nne na la tano, tandika karatasi ngumu ya kukwaruza inayozuia utelezi. Kisha simamisha kona za kadibodi ngumu kwenye pembe nne za paleti, toka chini hadi juu.

Nailoni ya kufungia ianze kwenye paleti, si kwenye boksi. Funga ncha yake kwenye mguu wa paleti, zungusha mara tatu au nne ukishika ukingo wa juu wa paleti pamoja na maboksi ya chini, bila kuziba matundu ya uma. Panda kwa kila mzunguko kufunika nusu ya uliotangulia. Kwa nailoni ya upana wa sentimita 50 na mzigo huu, ni kama mizunguko saba kupanda. Juu zungusha mara tatu, ukiacha sentimita tano zikunjike juu ya maboksi, kisha shuka kwa mwendo uleule. Ivute hadi uone inakuwa nyembamba na inalia. Nailoni iliyolegea haishiki kitu, inapendezesha tu.

Ijaribu kwa mkono. Weka viganja kwenye kona ya juu na usukume kwa nguvu mara kadhaa. Ikiwa juu inacheza na paleti imetulia, kata nailoni na uanze upya. Mzigo uliofungwa vema huyumba pamoja na paleti yake.

Ndani ya tela

Wanaopanga mizigo ya barabarani hukubaliana na makadirio haya: dereva akikanyaga breki, mzigo husukumwa mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake. Kwenye kona husukumwa pembeni kwa asilimia 50, na kurudi nyuma asilimia 50. Paleti yetu ya kilo 1,025 itasukumwa mbele kwa kilo 820 hivi. Msuguano wa mbao kavu juu ya sakafu ya plaiwudi unazuia kama asilimia 45, yaani kilo 460. Zinabaki 360 zisizo na wa kuzizuia. Paleti ikiwa ya plastiki, msuguano ni asilimia 20 tu, na zinabaki zaidi ya 600.

Sasa tela lenye urefu wa ndani wa mita 13.6 na upana wa mita 2.45. Paleti mbili kwa upande wa 120 zinakaa kwenye upana, zikiacha sentimita tano. Kwa urefu zinaingia safu 13, jumla paleti 26, kilo 26,650. Lori la ekseli sita, yaani ekseli ya usukani, mbili za kuvuta na tatu za tela, kwa sheria ya Afrika Mashariki haliruhusiwi kuzidi tani 50 pamoja na uzito wake lenyewe, kwa hiyo mizani haitakusumbua kwa jumla. Ila kilo zile 360 ukizizidisha kwa paleti 26 unapata zaidi ya tani 9 zinazosukuma ukuta wa mbele kwa breki moja kali. Usiuachie ukuta kazi hiyo peke yake. Vipande vya mpira chini ya kila paleti hupandisha msuguano hadi asilimia 60, na msukumo unashuka hadi tani 5 na kidogo. Ongeza mikanda ya racheti kwenye kila safu ya tatu, ikipita juu ya mbao na kona za kadibodi ili isikate maboksi.

Zaidi ya kuteleza, kuna kupinduka. Kitovu cha uzito wa paleti yetu kiko kama sentimita 93 kutoka sakafuni. Kuelekea mbele, nusu ya tako lake ni sentimita 50. Gawa 50 kwa 93, unapata 0.54, chini ya ile 0.8 ya breki. Maana yake paleti hii ikiachwa peke yake itaanguka mbele kwenye breki kali. Inasimama kwa sababu tu imeegemea iliyo mbele yake. Pembeni iko salama: 60 kwa 93 ni 0.65, na kona inadai 0.5.

Kwa hiyo pengo la kuogopa ni lile la mbele na nyuma. Bana safu zote mbele, kila paleti iguse nyingine. Safu 13 zinakula mita 13, na sentimita 60 zinabaki mlangoni. Jaza hapo kwa paleti tupu zilizosimamishwa na kubanwa kwa mbao, kisha funga safu ya mwisho kwa mkanda wake, maana kurudi nyuma iko kwenye 0.54 dhidi ya 0.5, na kupanda Kitonga kunaongeza mvuto kuelekea mlangoni. Pengo la pembeni la sentimita tano lizibe kwa kadibodi iliyokunjwa. Ukitumia kontena badala ya tela, upana wa ndani ni mita 2.35 tu, na paleti mbili za upande wa 120 hazipiti. Itabidi moja ikae kwa 120 na nyingine kwa 100, na pengo la sentimita 15 litakalobaki uliziba kwa mifuko ya hewa au fremu ya mbao.

Mzigo ukishushwa njiani, tuseme paleti sita Iringa, usiwaruhusu wachukue za katikati au upande mmoja. Zishuke safu tatu kamili kutoka mlangoni, kisha mikanda na kizuizi vihamishiwe kwenye safu mpya ya mwisho kabla lori halijaondoka.

Njiani na kwenye kupakua

Kama mlango haujapigwa sili, dereva au utingo akaze mikanda baada ya mwendo wa kwanza, Chalinze panafaa, kwa sababu mzigo hujikalia na mkanda hulegea. Arudie Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga.

Mlango ukifunguliwa Tunduma, piga picha kabla boksi halijaguswa, kwa sababu uharibifu unaonyesha chanzo chake. Maboksi ya chini yakibonyea kwenye kuta huku ya juu yakiwa mazima, matabaka yalipishanishwa au kadibodi ilikuwa imelowa. Nguzo nzima ikiinama upande mmoja huku paleti imekaa palepale, nailoni ilikuwa legevu au haikushikwa kwenye paleti. Ukiona paleti nzima imehama na mkwaruzo mrefu uko sakafuni, msuguano haukutosha au kulikuwa na pengo. Maandishi yakifutika kwenye tabaka la juu tu, mzigo ulikuwa ukiruka, na mara nyingi utaiona hali hiyo kwenye safu za nyuma, juu ya ekseli za tela na kupita, ambako matuta hupiga zaidi. Hapo safari ijayo weka paleti za matabaka manne. Tundu moja dogo chini ya dumu moja, na boksi lake halikubonyea popote, geuza paleti utafute msumari.

Andika namba ya safu na upande wa kila paleti iliyoharibika kwenye hati ya kupokelea mzigo, na nakala imfikie aliyepanga ghalani. Asipoiona, mzigo ujao ataupanga kama alivyoupanga huu.